Kutu ya Gurudumu la Kushoto

Hajati Nandutu alifariki nyumbani kwa mwanawe Siraj, huko Walukuba mjini Jinja, kabla ya adhana ya alfajiri. Alikuwa ameugua figo muda mrefu, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Miaka yote aliyoishi Jinja, kwanza akiwa mke wa mwanamume wa kabila la Wasoga na baadaye akiwa mjane, aliwaomba watoto wake jambo moja tu: siku yake ikifika apelekwe kwao Bugisu, nchi ya Wagisu, akalazwe karibu na baba yake, katika kijiji kilicho mbele kidogo ya Busiu ukielekea Mbale. Siraj alimwahidi mara nyingi. Asubuhi hiyo alimpigia simu dada yake Nambozo, anayeishi Nkoma, Mbale, akamwambia kaburi lichimbwe. Nambozo akajibu kwamba vijana watalimaliza kabla ya alasiri, ila mawingu yalikuwa tayari yameufunika mlima Wanale, na mvua ya huko ikianza, barabara ya kwenda makaburini haipitiki.

Siraj alikuwa fundi wa magari. Gereji yake haikuwa kubwa, lakini madereva walitoka hata Bugembe na Iganga kumletea kazi za breki na za magurudumu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kubahatisha. Wale aliowafundisha kazi walimjua kwa ukali wake katika jambo moja. Hakuruhusu diski mpya ya breki ifungwe juu ya habu chafu. Habu ndicho kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungiwa. Diski hukaa juu ya uso wake, rimu hukaa juu ya diski, na nati huvibana vyote vitatu vikawa kitu kimoja. Kukiwa na kutu katikati, Siraj aliwaambia, nati inabana kutu, haibani chuma. Mkono wako utahisi imekaza. Lakini gari likienda, likipiga breki na kupata joto, kutu hiyo itasagika, itaacha nafasi, na nati italegea bila mtu kuigusa.

Gari la mazishi la msikiti lililetwa na Mzee Bakhit, Mnubi mwenye mvi ambaye alikuwa amewasafirisha marehemu wengi wa Jinja. Lilikuwa Hiace nyeupe, benchi pande mbili na nafasi ya jeneza katikati. Halikuwa limetembea tangu mvua kubwa zilipoanza. Lilikuwa limeegeshwa karibu na ziwa, mahali ambapo kila chuma huota kutu. Kabla halijafika mlangoni, Siraj alisikia magurudumu ya mbele yakikwaruza, chuma kwa chuma. Alilala chini akaangalia. Pedi za breki zilikuwa zimeisha kabisa na diski zimechimbika mifereji.

Mjomba wake mmoja alipendekeza wakodi gari lingine. Baba yake mdogo, Isiko, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia msiba, alisema magari mengine ya kubeba maiti yangepatikana mchana, na mchana ungekuwa umechelewa. Siraj akasema yeye mwenyewe atazibadilisha breki. Hakuwa tayari kumpeleka mama yake kwa gari lisilosimama. Aliagiza diski na pedi zikaletwa kutoka dukani, akavua kanzu, akaingia kazini uani, huku ndani wanawake wakimwosha mama.

Alianza na gurudumu la kulia, na alilifanya kama anavyofanya siku zote. Diski ya zamani ilikuwa imegandana na habu; aliigonga kwa nyundo mpaka ikaachia. Uso wa habu ulikuwa na ukoko wa kutu mgumu kama ukoko wa ugali chunguni. Aliukwangua kwa bisibisi bapa, akausugua kwa brashi ya waya, akazunguka shina la kila boliti, akamalizia kwa msasa mpaka chuma kikang'aa chote. Akaipitisha brashi upande wa ndani wa rimu pia. Akapangusa kwa kitambaa kikavu, akafunga diski, akafunga gurudumu, akakaza nati sita kwa kuruka, moja hapa na nyingine ng'ambo yake.

Diski ya kushoto iligoma zaidi. Ilipotoka hatimaye, vipande vya kutu vilidondoka mchangani kama magamba ya samaki, na vingi vilibaki vimeng'ang'ania kwenye habu. Siraj alikuwa ameshika brashi mkononi Isiko alipotoka ndani. Alisema mama ameshavishwa sanda, imamu amefika, safu zimepangwa, na mtu anayetakiwa kusimama safu ya mbele ni mwana.

"Maiti haingoji, Siraj," alisema. "Funga hilo gurudumu uje unawe."

Siraj aliitazama habu. Baadaye, alipoulizwa na watu mbalimbali, hakuwahi kusema kwamba hakuiona. Aliiona. Aliiweka brashi chini, akapitisha kitambaa mara mbili, kikaondoa vumbi na kuuacha ukoko, akavika diski mpya juu yake. Nati zilikaza vizuri mkononi. Akaenda kunawa.

Waliondoka Jinja jua likiwa limepanda. Mbele waliketi Mzee Bakhit na Siraj. Nyuma, kando ya jeneza, Isiko na jamaa wengine wachache. Breki zilifanya kazi vizuri. Bakhit alimsifu, akasema gari halijawahi kusimama namna hiyo tangu linunuliwe. Walipita Iganga, wakapita Bugiri. Siraj alikuwa akisoma dua kimyakimya, na katikati ya dua hiyo ndipo aliposikia mlio mdogo chini ya miguu yake. Ulikuja walipopunguza mwendo kwenye matuta, ukapotea, ukarudi. Tik, tik, tik. Bakhit naye aliusikia. Alisema usukani unamtetemeka kidogo mkononi, huenda ni diski mpya zinajizoesha. Siraj alijua kwamba diski mpya hazilii hivyo.

Walipofika Tororo alimwomba mzee aingie kituo cha mafuta. Alishuka na spana ya magurudumu, akachuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto. Kwenye matundu ya rimu, pembeni ya kila nati, palikuwa na unga mwekundu laini, umetawanyika kuelekea nje kama mtu aliyeupuliza. Aliweka spana kwenye nati ya kwanza. Ilizunguka nusu mzunguko kabla ya kukaza. Ya pili hivyo hivyo. Zote sita.

Alijua alichokuwa anakiona. Ukoko alioufunika asubuhi ulikuwa umesagika, nati zikapoteza mbano wake, na gurudumu lilikuwa likichezacheza juu ya boliti tangu huko nyuma, labda tangu Bugiri. Boliti zimeumbwa kubana. Gurudumu likiyumba, zinapindwa huku na huku, na chuma kinachopindwa namna hiyo huanza kupasuka ndani pasipoonekana. Kulikaza tena kusingetosha, kwa kuwa kutu iliyobaki ingeendelea kusagika. Dawa ilikuwa moja: kulivua gurudumu, kukwangua habu mpaka chuma kitupu, kukagua boliti moja moja, na kama kuna iliyochoka kuibadilisha, hata kama ni kulala Tororo.

Jeki ilikuwa chini ya sakafu, ndani ya sanduku lililokuwa chini ya jeneza. Ili kuitoa ingebidi wamshushe mama, wamweke juu ya saruji yenye mafuta, mbele ya madereva wa malori waliokuwa wakinywa soda. Isiko alichungulia dirishani akauliza kuna nini. Simu ya Siraj ililia wakati huo huo. Alikuwa Nambozo, akisema kaburi liko tayari, watu wamekaa, na matone ya kwanza yameanza kuanguka.

Siraj alizikaza nati zote kwa nguvu, akakanyaga spana kwa mguu mpaka kila moja ikalia. Akarudi kukaa. Bakhit alimtazama.

"Imekaa?"

"Imekaa, Mzee. Twende polepole tu."

Bakhit aliendesha polepole. Jambo hilo lilithibitishwa baadaye na kila mtu aliyekuwa ndani, ingawa halikumsaidia mara moja. Kutoka Tororo barabara hupita katikati ya mashamba ya mahindi na migomba, na kwa muda gari lilitulia kabisa. Siraj alianza kujiambia kwamba labda kutu iliyobaki ilikuwa nyembamba. Walipoanza kuona mabati ya maduka ya Busiu, senta ndogo ya biashara, mlio ulirudi, na safari hii haukuwa mdogo. Usukani ulimruka Bakhit mkononi. Alikanyaga breki, na hapo boliti zikakatika, moja na kisha zote. Upande wa mbele wa gari ulianguka, diski ikachana lami kwa kelele iliyowafanya watu wote wa senta wageuke, na gurudumu likatangulia mbele yao peke yake.

Lilikwenda wima, bila haraka ya kutisha. Liliruka mtaro, likapita kati ya pikipiki mbili za boda bila kuzigusa. Nje ya ghala moja mwanamume aliyevaa koti la kijivu alikuwa ameinamia mizani, akisoma uzito wa gunia la mahindi. Alikuwa ameipa barabara mgongo. Watu walipiga kelele, naye akainua kichwa upande usiofaa.

Jina lake lilikuwa Barasa. Alikuwa mfanyabiashara Mkenya kutoka Bungoma, aliyekuja Busiu kila msimu kununua mahindi, na wenyeji walimhesabu kama mtu wao kwa sababu Kibukusu chake na Kigisu chao vilielewana bila mkalimani. Gurudumu lilimpiga kichwani na begani. Alikufa kabla ya kupatikana gari la kumpeleka hospitali.

Watu waliizunguka Hiace. Mtu mmoja alimvuta Mzee Bakhit nje kwa kola, mwingine akampiga kofi lililoangusha kofia yake. Wengine walikuwa wameshaokota mawe. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, Isiko akashuka na damu puani, na wote wakaona jeneza limeserereka mpaka kwenye viti vya mbele, kitambaa cha kijani kimefunuka, na sanda nyeupe chini yake. Mawe yalishushwa. Hakuna aliyetoa amri, yalishushwa tu.

Siraj alikuwa amesimama karibu na Barasa. Mtu alikuwa ameshamfunika kwa gunia tupu. Polisi walipofika, waliuliza dereva ni nani, na Bakhit akanyoosha mkono. Kabla hajapandishwa kwenye gari lao alimwita Siraj kando, akamwambia aende akamzike mama yake, na kwamba yeye atabaki na gari. Hakumuuliza chochote kuhusu Tororo.

Mwenye ghala, yule yule ambaye mteja wake alikuwa amelala chini ya gunia, alitoa pikapu yake ya mahindi. Hajati Nandutu alimalizia safari juu ya turubai lililojaa punje. Walimzika mvua ikinyesha, na Siraj ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Alipomlaza ubavu wa kulia na kumwelekeza kibla, aliona kwamba mistari ya viganja vyake mwenyewe ilikuwa bado na wekundu wa kutu ambao maji ya udhu hayakuutoa. Alitoka akasimama nyuma ya watu wote, na imamu aliposoma talakini hakusikia neno hata moja.

Matanga yalikaliwa nyumbani kwa Nambozo, Nkoma. Siku ya kwanza Siraj alisema anataka kwenda polisi kumwona Bakhit. Isiko alimzuia. Alimweka chumbani, akazungumza naye kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kufikiri. Alisema ajali ni kadari. Alisema Bakhit ni mzee, msikiti utamtafutia wakili, na hakimu hatamfunga mzee wa mvi kwa gurudumu lililochomoka. Lakini fundi akijitokeza na kusema ni mimi, huyo atafungwa, gereji itafungwa, na watoto wake wanne watakula nini. Zaidi ya hayo, alisema, Siraj alikuwa katika msiba wa mama yake, na mtu aliye katika msiba halaumiwi.

Siraj alimsikiliza, na kwa kuwa maneno hayo ndiyo aliyotaka kuyasikia, alikaa. Habari zilikuja kupitia wageni. Bakhit alikuwa mahabusu. Mashahidi wa barabarani walidai alikuwa akienda mbio. Aliulizwa ni nani aliyefunga gurudumu lile, akajibu kwamba yeye ndiye dereva na gari liko chini ya mikono yake, basi. Siraj alilisikia hilo akiwa ameshika sahani ya wali. Aliiweka chini, na tangu hapo hakula.

Nambozo ndiye aliyekuja kumwambia kwamba kuna mwanamke mgeni kwenye mkeka wa akina mama. Hakuwa Mwislamu, lakini alikuwa amejifunga leso kichwani kwa heshima, na alikuwa ameomba kuonana na yule aliyefiwa na mama. Aliitwa Nasimiyu. Alikuwa mke wa Barasa.

Siraj alifikiri amekuja kumlaani, akatoka akiwa amejiandaa kwa hilo. Nasimiyu alikuwa amekaa pembeni ya ua, kwenye kigoda, mwanamke mwembamba mwenye macho yaliyovimba. Alikuwa ametoka kushughulikia karatasi za kuvusha mwili mpaka wa Malaba. Alisema kwa Kiswahili chake cha Bungoma kwamba aliambiwa gari lile lilikuwa limebeba mama wa mtu, na kwao si vizuri misiba miwili ikutane njiani halafu wenyewe wasisalimiane. Kwa hiyo alikuja kumpa pole.

Siraj alikaa chini kwenye udongo, mbele yake.

Nasimiyu aliendelea. Alikuwa na swali moja pia, kama hatakasirika. Polisi walimwambia yule mzee dereva alikuwa akienda mbio. Alikuwa amepelekwa kumwona, na mzee alimwangalia akalia tu. Alitaka kujua kutoka kwa mtu aliyekuwa ndani.

"Alikuwa anakimbiza gari kweli?"

"Hapana," Siraj alisema. "Aliendesha polepole. Mimi ndiye niliyefunga gurudumu."

Akamweleza. Alimwambia kuhusu habu na kutu, na kwamba upande wa kulia aliusafisha na wa kushoto hakuusafisha kwa sababu aliitwa kwenye swala. Alimweleza kwa maneno ya kawaida, bila kujificha nyuma ya ufundi, na Nasimiyu alimsikiliza huku akikunja na kukunjua pindo la leso yake. Masimulizi yake yalipofika Tororo alisita. Kisha akamweleza na hayo pia, unga mwekundu, na nati zilizozunguka.

"Hapo Tororo," Nasimiyu aliuliza, "ulijua litatoka?"

"Nilijua linaweza kutoka."

"Na ukapanda ukakaa."

"Nikapanda nikakaa."

Nasimiyu alisimama. Alisema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba alikuja kumpa pole na pole hiyo ameshaitoa, hawezi kuirudisha. Akaenda zake.

Siraj hakurudi ndani kumtafuta Isiko. Alisimamisha boda njiani, akaomba apelekwe polisi.

Hiace ilikuwa uani kwa polisi, imeinuliwa juu ya magogo. Mkaguzi wa magari alikuwa afande aitwaye Mafabi, mtu mnene, mpole wa sauti, na alikuwa amekaa kivulini akiandika. Siraj alijitambulisha, akasema yeye ndiye fundi. Afande Mafabi hakuonyesha kushangaa. Alimwashiria amfuate.

Alikuwa ameshavua diski ya kushoto na kuigeuza kwenye turubai, na pembeni yake ameweka ya kulia. Nyuma ya ile ya kushoto kulikuwa na alama ya ukoko wote wa habu, kama muhuri: mabaka mekundu yaliyosagika kuwa unga, na kati yake vipande vichache vilivyong'aa pale tu ambapo chuma kilikuwa kimekutana na chuma na kusuguana. Vishina vya boliti vilikuwa vimekatika, vilivyoanza kupasuka mapema vikiwa vimeshashika wekundu kwenye ufa, vilivyokatika mwisho vikiwa vyeupe. Ya kulia ilikuwa safi mgongoni, imekaa sawa mduara wote.

"Hii ya kulia, mwenye aliosha anajua kazi," Afande Mafabi alisema. "Nikaangalia, nikasema huyu ni fundi. Sasa nikawa nauliza, mtu kama huyu, kwa nini hii nyingine aliacha? Nilikuwa nakungoja wewe."

Siraj alisema aliitwa kwenye jeneza la mama yake.

Afande alivua kofia, akajipangusa paji la uso. Alimwambia pole. Kisha akamwambia kwamba atayaandika maneno hayo na mengine yote, na kwamba akishatia sahihi hatatoka. Siraj akasema anaelewa.

Mzee Bakhit aliachiwa kesho yake. Walikutana kwenye ukumbi mwembamba wa kituo, mmoja akitoka na mwingine akiingizwa. Siraj alianza kuomba msamaha na mzee akamkatiza. Alisema kofi alilopigwa ameshalisamehe, na mahabusu pia. Lililomuuma lilikuwa jingine.

"Nilikuuliza imekaa," alisema. "Mimi sijui habu. Mimi najua wewe."

Mahakamani Siraj alikiri kosa, akamkatalia wakili aliyetaka kulaumu diski kwamba zilikuwa bandia. Hakimu alisema amezingatia msiba wake na kuungama kwake. Alisema pia kwamba mtu asiyejua angeweza kusamehewa zaidi, lakini mshtakiwa alijua mara mbili, mara ya kwanza uani kwake na mara ya pili kituo cha mafuta. Alimfunga miaka miwili. Isiko hakuja mahakamani. Nambozo alikuja, akampungia mkono mara moja, akageuka ukutani.

Gereji ya Jinja ilifungwa baada ya muda mfupi, na vifaa vikauzwa kulipa ada za watoto. Huko jela Siraj aliwekwa kwenye karakana, akitengeneza magari ya magereza. Alifanya kazi zote alizopewa, ila kila alipofikia gurudumu alimwachia mwingine amalizie, kisha akaja kulikagua. Askari walidhani ni uvivu.

Alipotoka alikaa kidogo na watoto wake, halafu akavuka Malaba na kwenda Bungoma. Alikuwa amepata habari za kwa Barasa kutoka kwa mwenye ghala wa Busiu, na mwenye ghala alimwonya asiende, kwa sababu ndugu za marehemu walikuwa watu wa hasira. Alienda hata hivyo. Alimkuta Nasimiyu akianika mahindi mbele ya nyumba ya matofali ambayo haikuwa imemaliziwa. Kuta za upande mmoja zilikuwa zimefika madirishani na kuishia hapo, na majani yalikuwa yameota juu yake. Nasimiyu alimtambua papo hapo. Aliendelea kusambaza mahindi kwa mguu, taratibu, mpaka alipomaliza turubai lote.

Siraj alisema hakuja kuomba msamaha, kwa kuwa hakuona namna ya kuuomba. Alikuja kuona kaburi, kama ataruhusiwa.

Nasimiyu alimwonyesha kwa kidevu. Lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na ua, limesakafiwa kwa saruji. Siraj alisimama hapo. Alitaka kusoma dua, akajiuliza kama ingefaa kwa mtu ambaye hakuwa wa dini yake, akaisoma. Aliporudi mbele alikuta kiti kimetolewa na kikombe cha chai kimewekwa juu ya tofali.

"Kunywa," Nasimiyu alisema. "Mgeni hawezi kutoka kwangu hivihivi. Lakini ukimaliza uende, na usirudi tena."

Alikaa akanywa. Chai ilikuwa ya moto sana na yeye aliinywa upesi, ikamuunguza ulimi. Nasimiyu alikuwa amemgeuzia mgongo, ameinama, akiokota mawe madogo katika mahindi na kuyatupa nje ya turubai moja moja. Siraj aliweka kikombe juu ya tofali, akaaga. Alitoka na njia ya shambani mpaka barabarani, akasimama kungoja gari la kumrudisha mpakani.